Kampuni inataka tuombe kibali cha kazi za pembeni. Nijaze nini kwenye hii fomu?

#1 MpigaHesabu

Habari za jioni wakuu.

Nipo kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar, kitengo cha ankara. Juzi tumeletewa sera mpya. Kila mwenye kazi nyingine au biashara yake ajaze fomu ya kuomba kibali, na atakayekutwa anafanya bila kibali atachukuliwa hatua za kinidhamu. Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa ijayo.

Mimi jioni na Jumamosi nawaandikia vitabu wafanyabiashara watatu na kuwaandalia ritani. Hiyo ndiyo inayolipa ada za watoto, maana mshahara unaishia kwenye kodi ya nyumba na nauli. Fomu yenyewe ina mistari mitatu: aina ya shughuli, mahali, sahihi.

Nikijaza si nimejichongea? Nisipojaza watajuaje? Na wana haki gani juu ya muda wangu baada ya saa kumi na moja jioni?

#2 BodaWaSinza

Usijaze. Dar hii nani anaishi kwa mshahara peke yake? Hata huyo aliyeandika sera ana kitu mahali. Nakaa hapa kwenye kona nasubiri wajuzi.

#3 SheriaMkononi

Mleta mada, hawana haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi haziwezi kuzidi 45 kwa wiki. Ukishawapa saa zao 45, zinazobaki ni zako. Uuze karanga, uandike vitabu, ulale, haiwahusu. Pia wewe ulisaini mkataba kabla ya hiyo sera, kwa hiyo haikufungi. Andika barua ukatae, wakikufukuza nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

#4 MamaMaandazi

Kibali si ni kule halmashauri jamani? Mimi cha kwangu nilichukulia Temeke, unaenda na TIN na mkataba wa fremu. Ila leseni hawakupi kama hujamaliza mambo ya kodi. Uende asubuhi mapema.

#5 BodaWaSinza

Mama, kibali cha mwajiri, si cha halmashauri. Bosi ndiye anataka kujua unauza maandazi.

#6 MamaMaandazi

Bosi wangu ndiye mteja wangu wa kwanza kila asubuhi, na ananidai chenji tangu wiki iliyopita. Aombe kibali yeye.

#7 MzeeWaUtumishi

Wanangu, nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimezisoma fomu za aina hii mpaka macho yakachoka. Nianze na SheriaMkononi (#3), maana kuna nusu iliyo sawa na nusu itakayomponza mwenzetu.

Saa 45 ni kweli. Lakini huo ni ukomo wa saa za kawaida ambazo mwajiri anaruhusiwa kukufanyisha kazi. Haujatungwa kupima uaminifu wako. Ukimaliza saa zako ukaenda kumfanyia kazi mshindani wa kampuni yako, au ukatumia bei ulizoziona mchana kupata hela ya jioni, hakuna mwamuzi atakayekusikiliza ukisema ilikuwa saa mbili usiku. Siri haina saa za kazi.

Hilo la mkataba wa zamani nalo lina pande mbili. Mikataba mingi ina sentensi kwamba mfanyakazi atafuata kanuni za kampuni zitakazotolewa mara kwa mara. Kama yako inayo, sera inaweza kukugusa. Kama masharti yaliyoandikwa kwenye mkataba wenyewe ndiyo yanabadilishwa, mwajiri anatakiwa ashauriane nawe na akupe mabadiliko kwa maandishi. Kwa hiyo soma mkataba kwanza.

MpigaHesabu, kabla sijasema zaidi nijibu kitu kimoja. Kati ya hao wateja wako watatu, yupo yeyote anayefanya biashara na kampuni yenu?

#8 KijanaWaMwenge

Sababu ya hizi sera ni moja tu, wanatafuta namna ya kupunguza watu bila kulipa kiinua mgongo. Wanakupa fomu, unajitaja, mwezi ujao umekosea kitu kidogo wanakumbuka fomu. Nimeona kwa rafiki yangu.

#9 DadaWaMizigo

Si lazima. Niko kwenye kazi za bandari pia, kampuni nyingine. Kwetu ilikuja baada ya kotesheni kuvuja. Mteja alikuja na bei yetu tuliyompa mwenzake, akaiweka mezani na kusema "nipe kama hii au chini yake". Uongozi ulichunguza ukakuta watu wawili wana vikampuni vyao vya kuagiza mizigo ya kuchanganya kutoka China. Kwenye kazi hizi bei ndiyo kila kitu. Ukishajua mwenzako analipishwa kiasi gani kwa kontena, umemaliza mchezo.

#10 MpigaHesabu

Mzee shikamoo. Yupo mmoja. Wa kwanza ana duka la vitenge Kariakoo, hana habari na sisi kabisa. Wa pili anauza vifaa vya ujenzi Tegeta, ananunua humuhumu nchini. Wa tatu ana vipuri vya magari pale Gerezani, na huyo anaklia makontena yake kupitia kampuni yetu. Si yote, mengine anapeleka kwa wakala mwingine.

#11 BodaWaSinza

Mambo hayo! Uzi umeanza sasa.

#12 MzeeWaUtumishi

Marahaba. Nilikuwa nalisubiri hilo, maana mtu wa vitabu mjini hapa wateja wake hawakosi kugusana na kazi yake ya mchana.

Sasa tazama mwenyewe ulipokaa. Mchana unaandaa ankara ya kampuni kwenda kwa mtu wa vipuri. Jioni unaipokea ankara hiyohiyo upande wake na kuiingiza kwenye vitabu vyake. Hapo hujaiba wala kudanganya. Lakini siku akikuuliza kwa utani, "hivi wengine mnawatoza hivihivi?", wewe jibu unalo kichwani. Siku akichelewa kulipa, wewe ndiye unayejua kama kweli hana fedha, na mwajiri wako anakulipa ili umdai.

Na upande wa pili watu huusahau. Umesema mengine anayapeleka kwa wakala mwingine. Maana yake unaona bei za mshindani wa kampuni yako kwenye makaratasi ya mteja wako. Meneja wa mauzo akilijua hilo atakuita ofisini na soda baridi. Ukimwambia, umemsaliti mteja. Usipomwambia, atahoji uko upande wa nani. Mgongano wa maslahi ni huo hasa, na haukusubiri utende kosa ndipo uwepo.

Hao wawili wengine, wa vitenge na wa ujenzi, sioni tatizo la siri kabisa. Kwao suala ni muda tu.

#13 SheriaMkononi

Muda si nimeshasema ni wake?

#14 DadaWaMizigo

Si mara zote mkuu. Swali langu kwa MpigaHesabu: tarehe 20 huwa uko wapi?

#15 MpigaHesabu

Hahaha, dada umenishika pabaya. Ritani za VAT mwisho ni tarehe 20. Na tarehe 7 kuna PAYE za wafanyakazi wao. Siku hizo simu haikai. Mtu wa vitenge anapiga saa nne asubuhi, mashine ya EFD imegoma, ripoti ya siku haitoki, mimi niko kwenye dawati la watu nachapa ankara. Natoka nje kuongea naye. Dakika tano, kumi.

#16 MzeeWaUtumishi

Asante binti kwa kusema wazi. Kwenye fomu watu huandika "nafanya baada ya kazi na wikendi", na kwa siku nyingi za mwezi ni kweli. Kazi ya pembeni hula saa za mwajiri zile siku mbili tatu ambazo kazi yenyewe ina mwisho wake. Mwalimu wa tuisheni, siku za mitihani. Mpiga picha, harusi ya Ijumaa. Mtu wa vitabu, tarehe 7 na tarehe 20. Msimamizi mzoefu haangalii unafanya nini Jumamosi. Anaangalia nani ana ruhusa za ghafla zinazojirudia tarehe zilezile.

Kwako wewe kuna jingine. Meli zikifuatana, kampuni za forodha huhitaji watu wabaki jioni. Saa za ziada ni kwa makubaliano na zina ukomo, saa 50 kwa kila wiki nne. Je, mkataba wako unasema utafanya saa za ziada ukihitajika? Kama ndiyo, jioni zako umeziuza mara mbili.

#17 Nesi_Zamu

Naomba niingilie. Kwetu huku hospitali suala ni usingizi. Nilikuwa na mwenzangu anafanya zamu ya usiku hospitali binafsi, asubuhi anaingia kwetu. Siri hakuna aliyoiba, muda alikuwa anawahi kuliko sisi. Lakini kwenye makabidhiano ya zamu unamsomea mgonjwa wa kitanda cha tatu, anaandika cha nne. Muuguzi mkuu aliliona kwenye makaratasi kabla mgonjwa hajapewa dawa isiyo yake. Walipomkalisha, alisema kote alifuata ratiba, hajavunja sheria ya mtu.

#18 SheriaMkononi

Na alikuwa sahihi! Sheria inataka saa 12 za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Kila mwajiri alimpa saa zake 12.

#19 Nesi_Zamu

Kila mwajiri alimpa, ila yeye hakuzipata. Saa 12 za huku ndizo alizozifanyia kazi kule.

#20 SheriaMkononi

Hapo sasa umenipa kazi ya kufikiri.

#21 MzeeWaUtumishi

Ndiyo maana kwenye kazi zenye hatari, dereva wa malori, wauguzi, waendesha winchi, sera nzuri huuliza saa za kazi zote mbili kwa pamoja. Mwajiri mmoja hana njia ya kuzijumlisha usipomwambia. Ila kwa mtu wa ankara sidhani kama hoja ya usingizi ina uzito huo.

#22 Nesi_Zamu

Sifuri moja ikiongezeka kwenye ankara ya kontena mzee utasema haina uzito?

#23 BosiMdogo

Ngoja na sisi waajiri tuseme, maana uzi mzima mnatupiga mawe. Nina karakana ya uchapaji, kadi, mabango, fulana. Nilikuwa na kijana mbunifu, fundi kwelikweli. Mwaka mzima akawa anachukua kazi za wateja wangu kwa bei ya chini, anazitengeneza kwenye kompyuta yangu, anakwenda kuchapisha mtaa wa pili. Mafaili ya nembo za wateja wangu yote alikuwa nayo kwenye flashi. Mkataba wangu uliandika wazi: "Hairuhusiwi kufanya biashara yoyote nyingine." Nikamfukuza siku ileile. Akaenda CMA, nikashindwa. Mpaka leo naona nilionewa.

#24 MzeeWaUtumishi

Pole mkuu. Ulimwitisha kikao? Na wengine pale karakana walikuwa na shughuli zao?

#25 BosiMdogo

Kikao cha nini wakati faili nimelikuta kwenye flashi? Wengine wapo, mmoja anauza vocha, dada wa mapokezi anauza batiki. Hao hawanidhuru.

#26 MzeeWaUtumishi

Basi hapo ndipo kesi ilipokutoka, na kosa la kijana unaweza kukuta lilikuwa kubwa kweli.

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mwamuzi ajiulize mambo kadhaa kuhusu kanuni unayodai imevunjwa. Ni ya haki? Iko wazi? Mfanyakazi aliijua? Inatumika kwa wote sawasawa? Kanuni yako ilisema "biashara yoyote". Dada wa batiki anaivunja mbele ya macho yako kila siku na wewe unamnunulia. Ukishafika mbele ya mwamuzi umebeba kanuni hiyo, wakili wa kijana atauliza swali moja tu na kukaa chini.

Ungetaja mambo mahususi tu, kwamba ni marufuku kuchukua kazi ya mteja wa karakana, kutumia mashine na mafaili ya karakana kwa kazi yako, na kufanya shughuli nyingine saa za kazi, basi dada wa batiki angekuwa salama na kijana angekosa pa kushika.

Halafu kikao. Hata ukimkuta na ushahidi mkononi, unachunguza, unampa tuhuma kwa lugha anayoielewa, unampa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, anakuja na mwenzake au mwakilishi wa chama, anajitetea. Kufukuza kwa kosa la kwanza kunawezekana, ila ni lazima liwe zito kiasi kwamba hamwezi tena kufanya kazi pamoja. La kwako ungeweza kulijengea hoja ya ukosefu mkubwa wa uaminifu. Ulimfukuza siku ileile, hukujenga kitu.

#27 BosiMdogo

Kwa hiyo mwizi apewe saa 48 za kufuta ushahidi?

#28 DadaWaMizigo

Unamsimamisha kazi kwa mshahara wakati wa uchunguzi, unachukua kompyuta na funguo. Saa 48 anakaa kwake.

#29 BosiMdogo

Na mshahara juu. Bongo raha sana kwa mfanyakazi.

#30 KijanaWaMwenge

Tusitoke kwenye mada. Mleta mada aliuliza watajuaje. Mimi nasema TRA itawaambia. Ukiwa na TIN ya biashara mfumo unasomana, utumishi wanaona.

#31 MpigaHesabu

Hapana mkuu, hiyo nipinge kwa sababu ndiyo kazi yangu. Taarifa za mlipakodi ni siri, TRA haimpigii mwajiri kumwambia una duka. Wanachoweza kuona wao ni jina la biashara ukilisajili BRELA, hilo mtu yeyote anaweza kulitafuta. Mimi sijasajili.

#32 BodaWaSinza

Hujasajili, na unaandikia watu ritani. Ya kwako mwenyewe huwa unaiandika tarehe ngapi?

#33 MpigaHesabu

Swali linalofuata tafadhali.

#34 MhasibuMstaafu_Ilala

Nacheka ila si la kuchekea. Bodi ya wahasibu, NBAA, ina utaratibu wa cheti kwa anayetoa huduma za uhasibu kwa umma, na TRA nayo ina usajili wa washauri wa kodi. Ukiandika kwenye fomu "natoa huduma za uhasibu na kodi", mwajiri makini atakuuliza uko wapi kwenye hayo. Kuingiza risiti kwenye kitabu cha dukani ni jambo moja. Kujitangaza mshauri wa kodi ni jingine. Chagua maneno yanayolingana na unachokifanya kweli.

#35 DadaWaMizigo

Kuhusu kujulikana, kwenye ofisi yangu hakuna aliyekamatwa na mfumo wowote. Mmoja aliweka bei kwenye hali ya WhatsApp akasahau kwamba meneja ana namba yake. Wa pili alitajwa na mteja, tena akimsifia: "kijana wenu anatusaidia sana jioni." MpigaHesabu, mtu wako wa Gerezani anakuja ofisini kwenu kulipia? Basi iko siku atakusifia.

#36 MpigaHesabu

Anakuja kila kontena likifika. Naanza kutoka jasho.

Mzee, tuseme najaza. Naandikaje kwenye mistari mitatu?

#37 MzeeWaUtumishi

Usibanwe na mistari. Andika "angalia kiambatisho" na uambatishe ukurasa mmoja. Fomu fupi humwumiza anayejaza, kwa sababu ukiandika "uhasibu, Kariakoo" na baadaye jambo la Gerezani likatokea, watasema uliwaficha. Kibali hukulinda kwa yale tu uliyoyataja.

Mimi ningeandika hivi, ubadilishe upendavyo:

"Naomba kibali cha kuendelea kuandika vitabu vya hesabu vya biashara ndogo mbili, moja ya vitenge Kariakoo na moja ya vifaa vya ujenzi Tegeta. Hakuna kati yao aliye mteja, mgavi au mshindani wa kampuni. Kazi naifanya Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi asubuhi, kwa kompyuta yangu na barua pepe yangu. Tarehe 7 na 20 za mwezi hutokea simu za dharura, na nimewaelekeza wateja wapige saa ya chakula cha mchana. Ikilazimu kutoka nitaomba ruhusa ya likizo. Kampuni ikihitaji saa za ziada kwa makubaliano, zitatangulia. Nitatoa taarifa kwa maandishi nikiongeza mteja au mmoja wao akianza kufanya kazi na kampuni."

Kisha aya ya peke yake juu ya mtu wa vipuri. Usimchanganye na hao wawili, ili wakimkataa yeye wasikukatalie wote.

Unaona sijataja majina ya wateja wala mapato yao. Aina ya biashara na kama inagusana na kampuni inatosha kwa kuanzia. Hao nao wana siri zao kwako. Wakitaka jina ili wahakiki, mwombe mteja ridhaa kwanza. Na unachopata kwa mwezi hakiwahusu, isipokuwa waeleze kwa nini wanakihitaji.

#38 SheriaMkononi

Kwenye hili la majina nakuunga mkono mzee. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Fomu hizo zinakaa wapi? Nani anazisoma? Mwajiri akusanye zinazohitajika kwa lengo lake tu, na azitunze. Kwetu fomu za namna hii zilikutwa kwenye mashine ya kunakilishia, watu wakajua nani ana baa.

#39 BodaWaSinza

Mwenye baa alipoteza nini? Mimi ningepata wateja.

#40 SheriaMkononi

Alikuwa shemasi.

#41 KijanaWaMwenge

Bado nasema huyu binti ajinyamazie. Wakijibu "hapana" kwa maandishi na yeye akaendelea, kosa limekuwa kubwa kuliko kama hakuomba kabisa.

#42 MhasibuMstaafu_Ilala

Hilo la #41 lina ukweli, msilipuuze. Aliyekataliwa akaendelea amekaidi agizo. Asiyeomba anaweza kusema hakuelewa sera inamhusu. Ila kwa mhasibu, kukutwa anaficha ni kubaya kuliko kukutwa anafanya. Sisi tunauza kuaminika.

#43 MzeeWaUtumishi

Naongeza tu kwamba "hapana" nayo iwe na sababu na iwe na pa kukatia rufaa. Sera isiyosema nani anaamua, ndani ya siku ngapi, na ukikataliwa unamwendea nani, imeandikwa nusu. MpigaHesabu, yenu inasema?

#44 MpigaHesabu

Inasema "uongozi utaamua kadiri utakavyoona inafaa". Siku hazijatajwa. Na nimeuliza kama mameneja nao wanajaza, nikaambiwa sera ni ya wafanyakazi wote. Lakini mmoja wa mabosi ana mabanda ya kuku Kibaha na trei za mayai zinapakuliwa kwenye maegesho ya ofisi kila Jumatatu. Dereva wa kampuni ndiye anazibeba.

#45 BodaWaSinza

Kuku wa Kibaha wana kibali kutoka juu.

#46 MamaMaandazi

Trei bei gani? Mimi mayai nanunua sana.

#47 BosiMdogo

Bosi ni mwenye mali, msimlinganishe na mwajiriwa.

#48 DadaWaMizigo

Meneja si mwenye mali, ni mwajiriwa mwenye kiti kikubwa. Na gari la kampuni kubeba mayai Jumatatu asubuhi ni muda wa kampuni na mali ya kampuni. Vitabu vya Gerezani angalau vinaandikwa nyumbani.

#49 MzeeWaUtumishi

Mayai usiyaandike kwenye fomu yako. Yanaweza kukusaidia siku ya kikao kuonyesha sera haitumiki sawasawa. Kwenye ombi yatakutengenezea adui tu.

#50 MpigaHesabu

Mrejesho wakuu. Niliwasilisha Jumatano na kiambatisho, nakala yangu nikagongewa muhuri wa mapokezi kama alivyonishauri kaka mmoja kwa ujumbe wa faragha. Leo nimeitwa.

Wawili wamekubaliwa kwa mwaka mmoja, kisha niombe upya. Wa vipuri wamesema ama nimwache, ama wanihamishie kitengo cha nyaraka ambako sitashika ankara wala bei. Afisa utumishi alikuwa muungwana. Meneja wa mauzo naye alikuwepo, na swali lake la kwanza lilikuwa "huyo wakala mwingine anamtoza kiasi gani?"

#51 BodaWaSinza

Soda ilikuwa baridi?

#52 MpigaHesabu

Ilikuwa chai. Nilimwambia makaratasi ya mteja siwezi kuyasema, kama ambavyo ya kampuni sijamwambia mteja. Afisa utumishi akaandika kitu kwenye daftari, sijui kizuri au kibaya.

#53 MhasibuMstaafu_Ilala

Kizuri. Lakini kuhama kitengo angalia posho. Ankara na nyaraka hazilipwi sawa kampuni nyingi. Waandike kwamba mshahara na marupurupu hayapungui, kabla hujasogeza kiti.

#54 KijanaWaMwenge

Mnaona? Nilisema. Fomu imemhamisha. Mwezi wa pili watasema kitengo cha nyaraka kimefutwa.

#55 DadaWaMizigo

Au wamemtoa mahali ambapo siku moja angelaumiwa kwa kotesheni asiyoivujisha. Ingevuja ya mtu wa Gerezani, wa kwanza kuitwa angekuwa nani?

#56 SheriaMkononi

Mimi ningewaambia wanipe sababu kwa maandishi kwa nini kiapo cha siri hakitoshi. Kuna njia ya kati, mtu mwingine aandae ankara za mteja huyo mmoja tu, yeye abaki pale pale.

#57 MzeeWaUtumishi

Hiyo inafaa ofisi yenye watu wengi kwenye ankara. Mko wangapi?

#58 MpigaHesabu

Wawili. Na mwenzangu anaenda likizo ya uzazi.

#59 MzeeWaUtumishi

Basi haifai, katika likizo hiyo utazishika wewe. Mimi ningemwacha mtu wa vipuri. Lakini mimi nina pensheni na wanangu wamemaliza shule, kwa hiyo usinisikilize sana.

#60 MpigaHesabu

Yeye ndiye anayelipa kuliko wale wawili kwa pamoja. Nimeomba wiki mbili za kufikiri.

#61 Kimya_Kimara

Wadau nimesoma uzi wote, asanteni. Na mimi nina swali. Kwetu sera ni kama hii, ila duka langu la dawa za mifugo lina jina la mke wangu, leseni yake, TIN yake. Nalo nijaze?

#62 SheriaMkononi

Hapana. Si lako kisheria, mke si mwajiriwa wao.

#63 DadaWaMizigo

Sera nyingi huuliza pia maslahi ya mwenzi na ndugu wa karibu, soma vizuri. Wewe unafanya kazi wapi?

#64 Kimya_Kimara

Kwa msambazaji wa dawa za mifugo.

#65 BodaWaSinza

Mzee njoo, kuna mwingine huku.

#66 MzeeWaUtumishi

Nimeona. Kimya, huko dukani mzigo unanunuliwa kwa nani, na mteja akipiga simu saa nne asubuhi anapokea nani?